Namba Moja Iliyotumika Mara Mbili

Mwishoni mwa Desemba 2010, katika mkutano wa kila mwaka wa Chaos Computer Club mjini Berlin, kikundi cha wadukuzi kiitwacho fail0verflow kilipanda jukwaani kueleza jinsi ulinzi wa PlayStation 3 ulivyoanguka. Sony walikuwa wamekwisha kuiuza mashine hiyo ya michezo kwa miaka minne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa imewashinda wote waliojaribu kuifungua. Kilichowachokoza wengi ni hatua ya Sony yenyewe, iliyotoa sasisho mwezi Aprili 2010 na kuondoa uwezo wa kuendesha Linux katika mashine ambazo watu walikuwa wamezinunua zikiwa na uwezo huo.

Ulinzi wenyewe ulitegemea saini za kidijitali. Programu muhimu za mashine zilibeba saini ya Sony, na mashine ilizikagua kabla ya kuziruhusu kufanya kazi. Ukaguzi huo unahitaji ufunguo wa umma, ambao umo ndani ya kila mashine na haudhuru ukijulikana. Kutia saini kunahitaji ufunguo wa siri, nao ulikuwa Sony na haukuwahi kuwekwa ndani ya mashine yoyote. Hata ungeipasua PlayStation 3 na kuichunguza kila chembe, usingeukuta humo.

Hata hivyo wale vijana waliupata, bila kuingia katika kompyuta za Sony wala kumhonga mfanyakazi. Waliukokotoa kutoka katika saini ambazo Sony wenyewe walikuwa wamezisambaza duniani. Hesabu iliyotumika haizidi ile ya sekondari: mlinganyo mmoja unatolewa katika mwingine, kisha unagawanya.

Ili kuona hilo liliwezekanaje, inabidi tuifungue saini yenyewe. Mfumo uliotumika unaitwa ECDSA, na ndio huohuo unaotumika katika Bitcoin, katika tovuti nyingi salama na katika njia za kuingia kwenye seva kwa mbali. Msingi wake ni mkunjo wa duaradufu, yaani mkusanyiko wa nukta zinazotimiza mlinganyo fulani, pamoja na kanuni ya kujumlisha nukta mbili ili kupata ya tatu. Kuna nukta moja ya kuanzia, iitwayo G, ambayo watu wote wanaijua. Ukiijumlisha G na nafsi yake mara d, unapata nukta nyingine, Q. Kutoka d kwenda Q ni kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta. Kurudi kutoka Q kwenda d, namba zikiwa kubwa vya kutosha, hakuna anayejua njia ya kufanya hivyo kabla jua halijazimika. Kwa hiyo d huwa ufunguo wa siri, na Q huwa ufunguo wa umma.

Sasa unataka kutia saini ujumbe. Kwanza ujumbe unapitishwa kwenye kanuni inayoufinya kuwa namba moja, tuiite z. Mtu yeyote mwenye ujumbe anaweza kuipata z. Kisha kompyuta yako inachagua namba nyingine ya nasibu, k, kwa ajili ya saini hii moja tu. Inaijumlisha G na nafsi yake mara k, inapata nukta, na inachukua upande wa x wa nukta hiyo. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya saini, r. Nusu ya pili, s, inapatikana hivi:

```
s = (z + r·d) / k
```

Hesabu yote hii inafanywa kwa baki: kila jibu linagawanywa kwa namba maalumu n, idadi ya hatua ambazo G inapiga kabla ya kuzunguka na kuanza upya, na kinachochukuliwa ni baki peke yake. Anayepokea anapata r na s, na kwa kutumia Q anaweza kuthibitisha kwamba aliyetia saini anaijua d.

Tazama mlinganyo huo kwa jicho la mwizi. Anaijua s, anaijua r, anaijua z. Asivyovijua ni viwili, d na k. Mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili hauna jibu moja. Kwa kila d utakayoikisia, ipo k moja inayoufanya ukubali. Ufunguo wa siri umo ndani ya kila saini unayoitoa, wazi mbele ya macho ya watu, na kinachoufunika ni k peke yake. Hili ndilo jambo ambalo watengenezaji wengi wa programu hawakuambiwa kwa uzito unaostahili. Walidhani k ni kiungo kidogo cha kunogesha, kumbe nayo ni siri yenye thamani sawa na ufunguo wenyewe. Akiijua k ya saini moja tu, mwizi anabaki na kisichojulikana kimoja, na d inatoka papo hapo.

Itokee basi umetumia k ileile kwa jumbe mbili tofauti. Sasa mwizi ana milinganyo miwili, na visivyojulikana bado ni vilevile viwili. Hata mwanafunzi wa kidato cha pili anajua kitakachofuata.

Tufanye kwa namba halisi, ndogo za kutosha kufuatwa kwa kalamu. Chukua mkunjo `y² = x³ + 2x + 2` kwa baki la 17, unaotumiwa sana kufundishia. Nukta ya kuanzia ni (5, 1), na n ni 19. Mwenye ufunguo amechagua d = 13. Akiijumlisha G mara 13 anapata (16, 4), na hiyo anaitangaza kuwa ufunguo wake wa umma.

Anatia saini ujumbe wa kwanza, ambao z yake ni 5, kwa kutumia k = 10. G mara 10 ni nukta (7, 11), kwa hiyo r ni 7. Juu ya mlinganyo anapata 5 + 7 × 13, yaani 96, na baki lake kwa 19 ni 1. Kugawanya kwa 10 katika hesabu hii ni sawa na kuzidisha kwa 2, kwa kuwa 10 × 2 ni 20, na 20 kwa 19 inabaki 1. Basi s ni 2, na saini ni (7, 2).

Ujumbe wa pili una z ya 11. Badala ya kuchagua k mpya, programu inaitoa 10 ileile. Nukta ni ileile, kwa hiyo r ni 7 tena. Juu kuna 11 + 91, yaani 102, baki 7, mara 2 ni 14. Saini ni (7, 14).

Mwizi anaziona saini mbili: (7, 2) na (7, 14). Kabla hajakokotoa chochote ameshajua kuna tatizo, kwa sababu 7 imejirudia. Anatoa s moja katika nyingine: 14 toa 2 ni 12. Anatoa z moja katika nyingine: 11 toa 5 ni 6. Katika kutoa huko, sehemu yenye d imefutika, kwa kuwa r·d ilikuwa ileile pande zote mbili. Kilichobaki ni kwamba k ni 6 kugawanya kwa 12. Kwa baki la 19 jibu ni 10, na unaweza kuhakiki: 12 × 10 ni 120, toa 114, inabaki 6. Sasa anarudi kwenye saini ya kwanza. s mara k ni 20, toa z ambayo ni 5, inabaki 15, na hiyo ni r·d. Anagawanya kwa 7, ambako hapa ni sawa na kuzidisha kwa 11, anapata 165. Toa 152, inabaki 13. Anaijumlisha G mara 13, anaiona (16, 4), ufunguo wa umma uliotangazwa. Ameupata ufunguo wa siri na amethibitisha kwamba ndio wenyewe.

Kwa kompyuta ni mistari michache:

```python
n = 19
z1, z2 = 5, 11
r, s1, s2 = 7, 2, 14
k = (z1 - z2) * pow(s1 - s2, -1, n) % n
d = (s1 * k - z1) * pow(r, -1, n) % n
print(k, d)
```

Inachapisha `10 13`. Weka humo namba za saini halisi zenye tarakimu zaidi ya sabini, na programu haibadiliki hata mstari mmoja, wala haitachukua hata sekunde. Usalama wote wa namba kubwa ulikuwa katika ugumu wa kurudi kutoka Q kwenda d, na njia hii haipiti huko kabisa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mkunjo wa PlayStation 3 ulivunjwa. Mkunjo ulisimama imara hadi mwisho, ila ufunguo ulitolewa nje kwa mlango mwingine.

Tena Sony hawakuirudia k mara moja kwa bahati mbaya. Kila ufunguo waliouchunguza wale vijana ulikuwa na k yake moja, isiyobadilika, iliyotumika kwa saini baada ya saini. Palipotakiwa namba ya nasibu palikuwa na namba ya kudumu. Kazi ngumu ya fail0verflow ilikuwa kuzifikia saini zenyewe, maana mafaili mengi yalikuwa yamesimbwa na ilibidi kwanza yafunguliwe. Baada ya hapo, kuliona kosa kulihitaji kulinganisha tu r za mafaili mawili.

Siku chache baadaye, Januari 2011, Mmarekani George Hotz, ambaye alikwisha kujulikana kwa kuifungua simu ya iPhone, aliuchapisha ufunguo wa ngazi ya juu wa mashine hiyo. Tarehe 11 Januari Sony walimfungulia kesi California, na Aprili mwaka huohuo pande mbili zilitangaza kupatana, Hotz akikubali kutozigusa tena bidhaa zao kwa namna hiyo. Mahakama iliweza kumzuia mtu, lakini ufunguo ulikuwa umeshaenea. Kuubadilisha nako hakukuwa rahisi, kwa sababu sehemu ya mwanzo kabisa ya ukaguzi katika mashine zilizokwisha kuuzwa haikuweza kusasishwa, na michezo iliyokwisha kutiwa saini kwa ufunguo wa zamani ilipaswa kuendelea kuchezeka.

Kwa Sony hasara ilikuwa ya kampuni. Miaka miwili na nusu baadaye kosa hilohilo liligusa mifuko ya watu binafsi. Katika Bitcoin ya wakati huo, kutuma pesa kulikuwa kutia saini kwa ECDSA, na kila saini inaandikwa katika daftari ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulipakua na kulisoma tangu ukurasa wa kwanza. Agosti 2013 ilibainika kwamba kifaa cha kuzalisha namba nasibu katika simu za Android, kiitwacho `SecureRandom`, kwa nyakati fulani hakikuwa kikianzishwa ipasavyo, na hivyo kikaweza kutoa namba ileile zaidi ya mara moja. Programu za pochi ziliomba k mpya kwa nia njema zikapewa ya zamani. Bitcoin zipatazo 55 ziliibwa kabla ya wenye pochi kujua kilichotokea.

Inafaa kutazama jinsi mwizi anavyoliona kosa hilo akiwa mbali. Saini ndani ya daftari la Bitcoin imeandikwa kwa mpangilio maalumu, na kwa kawaida inaonekana hivi:

```
30 44 02 20 [baiti 32 za r] 02 20 [baiti 32 za s]
```

Anachofanya ni kuandika programu inayosoma kila saini mpya, kuchukua baiti za r na kuzitafuta katika orodha ya r zote zilizopita. Zikigongana mbili zilizotoka kwa ufunguo mmoja, hahitaji kujiuliza kama ni bahati tu. Namba zinazowezekana ni nyingi kiasi kwamba r mbili kufanana bila k kurudiwa ni jambo ambalo hatutalishuhudia. Kuna kona moja ya kuangaliwa: k na kinyume chake, yaani n toa k, hutoa r ileile, kwa hiyo anajaribu alama ya kujumlisha na ya kutoa, na ile inayozaa ufunguo wa umma sahihi ndiyo jibu. Pochi zilikuwa hatarini hasa pale muamala mmoja ulipokusanya pesa kutoka mafungu mawili ya anwani moja, kwa sababu hapo simu hutia saini mbili mfululizo kwa ufunguo uleule, na kifaa kibovu kinapata nafasi nzuri ya kujirudia.

Ushauri waliopewa watumiaji siku zile ulikuwa na sehemu mbili. Kusasisha programu kulizuia saini mpya mbovu. Saini za zamani zilibaki katika daftari, na daftari hilo halifutwi. Kwa hiyo kila mtu alitakiwa kutengeneza anwani mpya kwa programu iliyorekebishwa, kisha ajitumie mwenyewe pesa zote kutoka anwani ya zamani. Aliyesasisha bila kuhama, na saini zake mbili zikawa tayari zina r moja, alikuwa amefunga mlango mwizi akiwa ndani.

Mwezi huohuo ulichapishwa waraka wa Thomas Pornin, RFC 6979, unaoeleza jinsi ya kupata k bila kuomba namba nasibu kabisa. Unachukua ufunguo wa siri na muhtasari wa ujumbe, unavichanganya kwa kanuni maalumu ya ufinyaji, na kinachotoka ndicho k. Ujumbe tofauti unaleta k tofauti. Ujumbe uleule unaleta k ileile, lakini hapo saini nayo inatoka ileile, na mwizi hapati mlinganyo wa pili. Mtu wa nje hawezi kuikisia k kwa kuwa hana ufunguo. Mfumo wa Ed25519, uliobuniwa na Daniel Bernstein na wenzake mwaka 2011, ulikuwa umeshaliweka wazo hilo ndani ya kanuni zake tangu mwanzo. Naona hii ni dawa bora kuliko kuwahimiza waandishi wa programu wawe waangalifu, kwa sababu inaondoa kabisa kile kitu kilichokuwa kikiharibika. Udhaifu wake uko kwa mtu anayeweza kukishika kifaa mkononi na kukitikisa kwa umeme katikati ya hesabu: akikilazimisha kukosea mara moja, anaweza kupata saini mbili zenye k moja na hesabu tofauti. Ndiyo maana vifaa vingi vidogo siku hizi vinachanganya vyote: ufunguo, ujumbe na punje ya nasibu.

Hata hivyo, k kutorudiwa peke yake hakutoshi. Inapaswa pia isiwe na upendeleo wowote, na kisa cha karibuni kinalionyesha hilo vizuri. PuTTY ni programu ambayo mafundi wa seva wanaotumia Windows wameizoea kwa miaka mingi. Mwandishi wake aliianza wakati Windows haikuwa na chanzo cha kuaminika cha namba nasibu, kwa hiyo alibuni njia yake ya kupata k kutokana na ufunguo na ujumbe, miaka mingi kabla ya RFC 6979. Wazo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba kanuni yake ya ufinyaji ilitoa namba ya biti 512, wakati mkunjo mmoja mkubwa, P-521, unahitaji k ya biti 521. Biti 9 za juu zikawa sifuri katika kila saini.

Biti 9 kati ya 521 ni kitu kidogo, na saini moja ya namna hiyo haikupi ufunguo. Lakini kila saini inamweleza mwizi jambo moja la hakika kuhusu k yake: kwamba ni ndogo kuliko inavyopaswa. Ipo hesabu inayojulikana tangu miaka ya 2000 mwanzoni, inayokusanya madokezo kama hayo kutoka saini nyingi na kutafuta d moja ambayo kwayo k zote zinatoka ndogo kwa pamoja. Madokezo yakitosha, d hiyo inabaki moja tu. Kwa PuTTY saini kama 60 zinatosha. Watafiti Fabian Bäumer na Marcus Brinkmann wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walilitangaza tatizo hili Aprili 2024. Matoleo yote kuanzia 0.68 hadi 0.80 yalikuwa nalo, na 0.81 ililirekebisha.

Anayeweza kukusanya saini hizo 60 si mpita njia anayenusa mtandao, kwa kuwa mawasiliano hayo yamesimbwa. Ni mwenye seva unayoingia, au aliyeiteka seva hiyo, maana kila unapoingia unampa saini moja. Vilevile ni mtu yeyote, kama ulitumia ufunguo huo kutia saini kazi zako za Git zilizo hadharani.

Kujua kama yanakuhusu ni rahisi. Fungua faili la `authorized_keys` kwenye seva na utazame mwanzo wa kila mstari. Ukiona `ecdsa-sha2-nistp521`, na mwenye ufunguo huo amewahi kuingia kwa PuTTY ya matoleo yale, au kwa FileZilla, WinSCP au TortoiseGit za wakati ule zilizobeba sehemu za PuTTY ndani yake, mstari huo ufutwe kwenye kila seva na ufunguo mpya utengenezwe. Haijalishi ufunguo ulizaliwa wapi. Uliotengenezwa kwa programu nyingine salama kabisa, kisha ukatumiwa kutia saini ndani ya PuTTY ile, umevuja sawa na mingine. Na uliotengenezwa na PuTTY yenyewe lakini haukuwahi kutia saini kwa toleo bovu hauna tatizo lolote.